Barua na wasifu wa kazi kwa Kiingereza na Kiswahili: mwongozo kwa anayeomba nafasi ya shirika la kimataifa Pemba

Matangazo ya kazi za mashirika ya misaada yanayofanya kazi Unguja na Pemba mara nyingi hutaka maombi kwa Kiingereza. Kwa nafasi za kwenye shehia, baadhi huongeza sharti la nakala ya Kiswahili. Sharti hilo lina sababu. Nakala ya Kiingereza inasomwa na idara ya rasilimali watu, ambayo huenda iko Dar es Salaam au Nairobi, na wakati mwingine na msimamizi wa mradi asiyejua neno la Kiswahili. Nakala ya Kiswahili inasomwa na watu wa ofisi ya Pemba, asasi mshirika, na pengine mjumbe kutoka ofisi ya Afisa Mdhamini wa wizara husika. Hawa wanataka kuona kama unaweza kumwandikia sheha barua akaielewa na akaiheshimu.

Kwa hiyo hapa hatuzungumzii barua moja na tafsiri yake. Ni barua mbili na wasifu mbili zenye ukweli mmoja, na kila moja ina msomaji wake. Anayeandika Kiingereza kwanza kisha akakigeuza sentensi kwa sentensi hupata Kiswahili kisichosomeka. Anayeanza na barua rasmi ya Kiswahili akaigeuza kwenda Kiingereza hupata kitu kibaya zaidi: barua ya unyenyekevu mwingi isiyosema amefanya nini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tuliojitungia. Nafasi ni Afisa Uhamasishaji wa Jamii katika mradi wa maji na usafi wa mazingira, kituo cha kazi Wete. Tangazo linataka Stashahada ya maendeleo ya jamii, afya au fani inayokaribiana, uzoefu wa miaka miwili wa kazi za jamii, Kiswahili fasaha, na Kiingereza cha kuandikia ripoti. Leseni ya pikipiki "itazingatiwa". Mwombaji ni mwanamke wa Micheweni aliyemaliza Stashahada mwaka 2021, akajitolea katika asasi ya hapo Pemba, na sasa ni mwalimu msaidizi wa skuli ya maandalizi.

Lisome tangazo kwa kalamu

Lichapishe tangazo au linakili kwenye daftari, kisha piga mistari ya aina mbili. Mstari mmoja uwe chini ya kila sharti la lazima, mwingine chini ya kila kinachopendelewa. Mchujo wa kwanza huangalia ya lazima tu, na huwa wa haraka: mtu anashika orodha ya masharti, anafungua wasifu, anatia alama ndiyo au hapana. Sharti lisiloonekana kwenye karatasi ni hapana, hata kama unalo.

Kwa mwombaji wetu ya lazima ni manne: Stashahada, miaka miwili, Kiswahili, Kiingereza cha ripoti. Analo la kwanza. La pili inabidi lihesabiwe kwa miezi, si kwa kukisia. Alijitolea kuanzia Januari 2022 hadi Machi 2024, yaani miezi 27, na hiyo inavuka miaka miwili bila kuihesabu kazi ya ualimu. Hesabu hiyo ifanye wewe na uiandike. Usimwachie msomaji aifanye. Kabla ya hapo, hakikisha kwenye tangazo kwamba kazi ya kujitolea inahesabiwa. Likisema uzoefu wa "kulipwa", miezi hiyo 27 haiingii, na ni bora kulijua hilo leo kuliko kupoteza siku tatu ukiandika.

Nakili pia maneno yenyewe ya tangazo. Kama wao wameandika "uhamasishaji wa jamii", nawe usiandike "utoaji wa elimu kwa wananchi" ukidhani ni sawa. Mashirika makubwa hupokea maombi kupitia mfumo wa kompyuta, na mwenye kuchuja anaweza kutafuta kwa maneno ya tangazo.

Angalia mwisho njia ya kutuma. Baadhi ya mashirika ya Umoja wa Mataifa hayachuji kwa wasifu uliouandika mwenyewe. Yanataka ujaze fomu yao ya historia ya kazi mtandaoni, na hiyo ndiyo inayosomwa. Wasifu wako mzuri ukiwa umeambatishwa huku fomu ina mistari miwili, umejichuja mwenyewe.

Karatasi ya msingi kabla ya kuandika chochote

Chukua karatasi moja na uandike ukweli wote utakaoingia kwenye nyaraka nne. Hii haitumwi kwa mtu. Kazi yake ni kuzuia jambo linalowaangusha wengi: wasifu wa Kiingereza unasema Machi 2024, wa Kiswahili unasema Mei 2024. Msomaji anayeziweka nakala mbili kando kwa kando hawezi kujua ipi ya kweli, na hana sababu ya kukupigia simu kukuuliza.

Anza na jina. Wengi wetu tuna majina matatu, la kwetu, la baba na la babu, na hatuna jina la ukoo kama fomu za kigeni zinavyodhani. Andika majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti cha mwisho cha masomo, kwa herufi zile zile. Khamis na Hamis, Salum na Salim, Mohamed na Mohammed ni watu tofauti mbele ya mfumo wa kompyuta na mbele ya mwajiri anayethibitisha vyeti. Fomu ikitaka jina la mwisho, weka la babu na ubaki nalo kila mahali. Kama cheti cha Kidato cha Nne na cha chuo vinatofautiana, tafuta hati ya kiapo mapema. Haihitajiki kwenye ombi, lakini itahitajika siku ya mkataba.

Kisha kila kazi: cheo kama kilivyo kwenye barua ya kazi, jina la mwajiri, mahali, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Usiandike tarehe kwa tarakimu tupu. `03/04/2024` kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili. Andika jina la mwezi.

Kisha takwimu za kazi. Hapa ndipo karatasi ya msingi inapolipa. Mwombaji wetu akiulizwa alifanya nini, atajibu kwa haraka kwamba "alielimisha jamii kuhusu usafi". Akikaa na madaftari yake ya zamani atapata haya: shehia mbili, Tumbe Mashariki na Shumba Mjini, kaya 60, kila moja ikitembelewa mara moja kwa mwezi, kaya 22 hazikuwa na choo Januari 2022, kaya 9 zilikuwa bado hazina Machi 2024, kati ya hizo 9, kaya 5 ziko kwenye ardhi ya mawe isiyochimbika kwa jembe. Mradi ulitoa sakafu za choo, wenyeji walichimba. Ripoti ya kila mwezi ilikuwa kwa Kiswahili, muhtasari wa robo mwaka kwa Kiingereza.

Huo ndio ukweli wenye uzito, na hakuna tarakimu ndani yake iliyokuzwa. Kama madaftari hayapo, mpigie aliyekuwa msimamizi wako akutafutie ripoti. Usibuni. Jopo la usaili huuliza "ulijuaje kwamba zilibaki 9?", na mtu aliyebuni hujulikana kwenye swali la pili.

Andika pia mapengo. Mwombaji wetu hakuwa na kazi kuanzia Aprili hadi Oktoba 2024, alikuwa na mtoto mchanga. Novemba 2024 alifanya wiki tatu za ukusanyaji wa takwimu kwenye utafiti, na tangu Februari 2025 yuko skulini. Pengo la miezi saba halimtoi mtu. Linalomtoa ni kuliziba kwa kusogeza tarehe, kwa sababu mwajiri wa zamani ataulizwa.

Wasifu wa Kiingereza

Kurasa mbili za A4, si zaidi kwa mtu mwenye uzoefu wa chini ya miaka kumi. Herufi ukubwa wa 11, safu moja, bila majedwali, bila visanduku vya rangi. Violezo vya safu mbili vinavyopendwa sana mtandaoni vinapendeza machoni, lakini mfumo wa maombi unaweza kuvisoma ovyo: namba ya simu inaingia katikati ya jina la chuo. Unaweza kujua mapema. Fungua faili, chagua maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu. Yakitoka kwa mpangilio, mfumo nao una nafasi nzuri ya kuyasoma hivyo.

Hapa kuna tabia moja ya kuacha nyumbani. Ombi la kazi serikalini kwa kawaida hudai picha, cheti cha kuzaliwa na nakala za vyeti zilizothibitishwa, na watu wamezoea kuweka umri, ndoa na dini juu kabisa ya wasifu. Kwa shirika la kimataifa usiweke hata kimoja kati ya hivyo isipokuwa tangazo limeomba. Kanuni zao za uajiri zinawakataza kuchagua kwa vigezo hivyo. Namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi nayo iache. Wasifu wako utapita kwenye barua pepe za watu usiowajua.

Juu weka jina, simu kwa mfumo wa kimataifa, yaani `+255` bila sifuri inayofuata, barua pepe yenye jina lako, na mahali unapokaa: Wete, Pemba. Mahali pana maana. Ofisi inayotafuta mtu wa kituo cha Wete inataka kujua kama itamhamisha mtu au yuko hapo hapo.

Fuatisha muhtasari wa mistari minne unaojibu masharti ya lazima kwa mpangilio wa tangazo:

```
Community mobiliser with a Diploma in Community
Development and 27 months of household sanitation
work in Micheweni District, Pemba. Native Swahili;
wrote quarterly project summaries in English.
```

Msomaji wa orodha ya ndiyo na hapana amemaliza kazi yake hapo juu. Mengine yote yanathibitisha.

Kazi zifuate, ya karibuni ikitangulia. Tatizo la mwombaji wetu ni kwamba kazi ya karibuni ni ya ualimu, nayo haihusiani sana na nafasi. Ipe mistari miwili na upite. Kazi ya kujitolea ipewe mistari mitano au sita, maana ndiyo inayobeba ombi. Cheo chake kibaki kujitolea. Kumpandisha mtu kutoka mhamasishaji wa kujitolea hadi "afisa" ni uongo unaogunduliwa kwa simu moja.

Sasa mistari yenyewe. Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

```
Responsible for sensitizing the community on
cleanliness issues.
```

Mstari huo unaeleza alichotakiwa kufanya, si alichofanya. Anayesoma maombi mengi siku moja ameshauona mara nyingi. Karatasi ya msingi inatupa huu:

```
Visited 60 households in two shehias every month.
Households without a latrine fell from 22 to 9
between January 2022 and March 2024.
```

Ona kwamba hasemi alijenga vyoo 13. Wenyeji walijenga, mradi ulitoa sakafu. Anasema alichofanya yeye, kisha kilichotokea, na anaacha msomaji aunganishe. Neno shehia libaki kama lilivyo, ila mara ya kwanza lifafanuliwe kwa maneno machache kwamba ni ngazi ya chini kabisa ya utawala. Wengine huligeuza kuwa kata au kijiji. Vyote si sahihi, na mjumbe wa Pemba atakayesoma atajua kwamba umeandika bila kujali.

Kila mstari uanze na kitenzi cha wakati uliopita, bila "mimi". Kazi unayoifanya sasa tu ndiyo iwe ya wakati uliopo. Jihadhari na viwakilishi vya jinsia. Kiswahili chetu kina "a" moja kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana hata waandishi wazuri humwita msimamizi wa kike kwa kiwakilishi cha kiume. Kosa hilo halionekani ukisoma kimya. Soma kwa sauti.

Kwenye lugha usiandike tu kwamba Kiingereza ni "fasaha". Andika unachokifanya nacho: kuandika ripoti, kuendesha kikao, kutafsiri. Nafasi hizi mara nyingi zina mtihani wa kuandika, na aliyejiita fasaha atapimwa kwa kipimo hicho.

Pengo la miezi saba liingie kwa mpangilio wake wa tarehe, mstari mmoja:

```
Apr 2024 - Oct 2024   Career break, family care
```

Wasifu wa Kiswahili

Mpangilio ule ule, tarehe zile zile, takwimu zile zile. Usiongeze kitu kisichokuwemo upande wa pili. Kinachobadilika ni sentensi. Kiingereza cha wasifu hupenda vipande vifupi visivyo na mtenda. Kiswahili kikikatwa hivyo hugeuka telegramu. Andika "Nilitembelea kaya 60 kila mwezi katika shehia za Tumbe Mashariki na Shumba Mjini", si "Kutembelea kaya". Nafsi ya kwanza haina majivuno hapa.

Shehia zitaje kwa majina. Kwa msomaji wa Nairobi majina hayo hayana maana na unaweza kuyaacha kwenye Kiingereza, ukabaki na wilaya. Kwa msomaji wa Wete ndiyo ushahidi wenyewe: anazijua njia zake, anajua shehia hizo zina mawe, anaweza kumuuliza sheha.

Mahali panapoharibika zaidi ni majina ya elimu na vyeo. Stashahada na Astashahada hutofautiana kwa herufi moja mbele lakini ni ngazi mbili, na kuzichanganya ni kujishusha au kujipandisha. Weka mlingano huu kwenye karatasi ya msingi na usiuvunje:

```
Astashahada            Certificate
Stashahada             Diploma
Shahada                Bachelor's degree
Shahada ya Uzamili     Master's degree
Mhamasishaji (kujitolea)    Volunteer mobiliser
Mkusanya takwimu       Enumerator
Mwalimu msaidizi       Assistant teacher
```

Ukiona neno la kitaalamu huna uhakika nalo kwa Kiswahili, lieleze. "Kufuatilia kama vyoo vinatumika, kila baada ya miezi mitatu" inaeleweka na kila mtu. Neno kubwa lililokopwa kwa haraka halitamfikia sheha.

Barua ya Kiingereza

Ukurasa mmoja, maneno kati ya 300 na 400, aya nne. Aya ya kwanza inataja nafasi, namba ya tangazo kama ipo, na sababu moja ya kukusoma. Ifungue moja kwa moja. Sentensi kama "kwa unyenyekevu naomba kuwasilisha" au "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", zikigeuzwa Kiingereza, huchukua mistari mitatu na hazisemi kitu.

```
I am applying for the post of Community Mobilisation
Officer in Wete. For 27 months I did this work as a
volunteer in two shehias of Micheweni District, and I
would like to do it full time.
```

Aya ya pili ni ushahidi, nayo ndiyo barua. Chagua jambo moja kutoka kwenye wasifu na ulieleze kwa undani ambao wasifu hauwezi kuubeba. Kwa mwombaji wetu si zile kaya 13 zilizopata choo, bali zile 9 zilizobaki. Tano kati yake ziko juu ya mawe. Alilipeleka jambo hilo kwa msimamizi, wakapima pamoja, wakakubaliana kwamba choo cha shimo hakiwezekani pale bila vifaa vya kuvunjia mawe, na suala likaandikwa kwenye muhtasari wa robo mwaka.

```
Nine households still had no latrine when I left. Five
of them stand on coral rock that cannot be dug by hand.
I reported this with measurements, so that the next
phase would not count those families as unwilling.
```

Meneja wa mradi akisoma hapo anajua ana mtu anayetofautisha mkaazi asiyetaka na mkaazi asiyeweza. Maneno kama "mchapakazi" na "ninayejituma" hayamwambii hilo.

Aya ya tatu inashughulikia kilichopungua. Leseni ya pikipiki hana, na tangazo limesema itazingatiwa. Ana njia mbili za haki: kunyamaza, kwa kuwa si sharti la lazima, au kusema wazi kwa sentensi moja kwamba hana na alikuwa akifika kwenye shehia kwa namna gani. Kwa kazi ya kwenye shehia tunaona bora aseme, kwa sababu ataulizwa tu. Asiseme "niko mafunzoni" kama hajaanza.

Aya ya nne ni fupi: lini unaweza kuanza, na kwamba unakubali taarifa zako zichunguzwe.

Barua ya Kiswahili

Hapa fuata umbo la barua rasmi, kwa sababu msomaji wa Pemba analitarajia na kulikosa kunaonekana ni kutojua. Anwani yako juu kulia na tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, mwili, kimalizio, sahihi na jina kamili. Lakini umbo ni la nje tu. Ndani usianze na "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka", maana umri hukuuweka hata kwenye wasifu, na uraia hautofautishi mtu na wenzake. Mwili wa barua ya mwombaji wetu unaweza kuwa hivi:

*Ndugu Meneja,*

*YAH: OMBI LA NAFASI YA AFISA UHAMASISHAJI WA JAMII, WETE*

*Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Nina Stashahada ya Maendeleo ya Jamii niliyoipata mwaka 2021, na uzoefu wa miezi 27 wa kuhamasisha usafi wa mazingira, kwa kujitolea, katika shehia za Tumbe Mashariki na Shumba Mjini, Wilaya ya Micheweni.*

*Kazi yangu ilikuwa kuzitembelea kaya 60 kila mwezi. Nilipoanza, Januari 2022, kaya 22 hazikuwa na choo. Nilipomaliza, Machi 2024, zilibaki 9. Mradi ulitoa sakafu na wenyeji walichimba. Mimi nilikaa na wenye nyumba, nikapanga nao siku za kuchimba, na kila robo mwaka nikawapa masheha wote wawili taarifa ya maendeleo. Kati ya kaya 9 zilizobaki, 5 ziko kwenye mawe yasiyochimbika kwa mkono. Nililipeleka suala hilo kwa msimamizi pamoja na vipimo, ili kaya hizo zisihesabiwe kuwa zimekataa.*

*Ripoti za mwezi niliziandika kwa Kiswahili na muhtasari wa robo mwaka kwa Kiingereza. Sina leseni ya pikipiki. Katika kazi hiyo nilitumia baiskeli na gari za abiria.*

*Naweza kuanza kazi wiki nne baada ya kupata mkataba. Nimeusoma mwongozo wa shirika wa kuwalinda watoto na watu wazima dhidi ya unyanyasaji, na ninakubali taarifa zangu zichunguzwe kwa waajiri wangu wa zamani.*

*Wako mwaminifu,*

Ni fupi kuliko ile ya Kiingereza, nayo imebeba ukweli ule ule. Taarifa za robo mwaka kwa masheha zimepewa nafasi hapa kwa sababu msomaji huyu anajua kwamba bila sheha hakuna mradi unaoingia kwenye shehia. Kwenye Kiingereza jambo hilo linaweza kubaki mstari mmoja wa wasifu, lakini lazima liwemo.

Ile sentensi ya mwongozo iandike tu kama umeusoma kweli. Kwa kawaida unapatikana kwenye tovuti ya shirika, na swali lake karibu halikosekani kwenye usaili: utafanya nini ukisikia mfanyakazi mwenzako anadai kitu kwa mwanamke ili amuingize kwenye orodha ya wanufaika? Jibu la "nitamshauri aache" ni kosa; unatakiwa kuripoti kwa njia iliyowekwa.

Wadhamini

Weka watatu, na wa kwanza awe aliyekusimamia moja kwa moja. Tangu mwaka 2019 kuna utaratibu wa mashirika ya misaada kuulizana kuhusu rekodi ya mwenendo wa mfanyakazi, hasa unyanyasaji wa kingono, na shirika lililojiunga nao huwaandikia waajiri wako wa zamani. Kwa hiyo barua pepe ya ofisi ina thamani kuliko simu ya mkononi ya mtu. Asasi ndogo isiyo na barua pepe ya ofisi ieleze hivyo, na utoe jina la cheo na simu. Sheha anafaa kuwa wa tatu, si wa kwanza: anakujua, lakini hakuwahi kukagua ripoti yako. Mjomba mwenye cheo hafai kabisa. Waombe ruhusa kabla, na uwatumie tangazo, kwani mdhamini aliyeshtukizwa kwa simu hujibu kwa uangalifu mno.

Kulinganisha na kutuma

Weka wasifu mbili kando kwa kando, mtu mmoja asome Kiingereza kwa sauti na wewe ufuate Kiswahili kwa kidole: tarehe, tarakimu, vyeo, majina ya vyuo, simu. Halafu barua mbili vivyo hivyo. Tafuta vitu vitatu: tarakimu iliyomo upande mmoja tu, cheo kilichopanda upande mmoja, na jambo ambalo barua inalitaja lakini wasifu haulijui. Kisha mwombe mtu wa nje ya familia asome Kiswahili pekee akuambie unaomba kazi gani na umefanya nini. Akisita, ni sentensi ndiyo inayohitaji kazi.

Hifadhi kwa PDF na ulipe kila faili jina linalojieleza. Ofisi ikipokea mafaili themanini yanayoitwa `CV.pdf`, lako litapotea.

```
JINA_Wasifu_SW.pdf
JINA_Barua_SW.pdf
JINA_CV_EN.pdf
JINA_Letter_EN.pdf
```

Kama tangazo linataka faili moja, ziunganishe: barua ya Kiingereza, wasifu wa Kiingereza, kisha za Kiswahili. Kichwa cha barua pepe kiwe maneno yale yale waliyoagiza, hata herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa barua huweza kupangwa kwa kichwa hicho. Saa ya mwisho isome vizuri: `23:59` ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, na kama wametaja saa za mji mwingine, zigeuze. Usisubiri usiku huo. Mtandao ukikatika Wete hakuna wa kumlalamikia.

Anayekuomba pesa ya fomu, ya usaili au ya "kuharakisha" si shirika. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, na shirika la misaada la kweli halifanyi hivyo pia.

Hifadhi nakala ya tangazo pamoja na nyaraka zako nne kwenye simu na mahali pengine. Tarehe ya mwisho ikipita tangazo huweza kuondolewa kwenye tovuti, na wanaokuita kwenye usaili wiki sita baadaye watauliza kwa kufuata maneno yale.